Je, Mkatoliki Ale Prasadi?

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba au Novemba, taa za Diwali zinapowashwa katika mitaa ya Wahindu ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, nafundisha somo la dini za ulimwengu nikijua swali linalokuja. Frateri mmoja atanyosha mkono na kuuliza: “Padre, jirani yetu Mhindu ametualika hekaluni. Twende?” Nami hujibu kwamba waende. Swali gumu zaidi huja baadaye, nalo ndilo ninalotaka kuliandikia leo: kuhani wa hekalu akikunyoshea kipande cha nazi au kitamutamu mkononi, upokee?

Kwanza tuweke sawa neno moja. Katika Kiswahili tumezoea kumwita kila mwenye asili ya India “Mhindi”, kisha tukamdhania kuwa Mhindu. Sivyo. Waismaili na Mabohora ni Waislamu, na Wagoa ni Wakatoliki wenzetu, ambao walisali nasi katika makanisa ya Zanzibar na Dar es Salaam tangu zamani. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, yule ambaye wazee wa pwani walimwita Baniani. Methali inasema “Baniani mbaya, kiatu chake dawa”, na kwa bahati kiatu ndicho kitu cha kwanza utakachokiacha mlangoni.

Sasa tuone kinachofanyika, maana wengi wetu tunatoa hukumu juu ya jambo ambalo hatujalitazama. Tuchukue hekalu la Shiva. Muumini huja na sinia au kikapu kidogo. Ndani yake mna nazi, ndizi au matunda mengine, maua, labda na sukari ya mawe. Maua hayanuswi njiani, hata kama ni asmini. Harufu yake ya kwanza ni ya yule anayepelekewa. Vilevile, mama anayepika chakula cha kutolewa haonji chumvi. Anakisia kwa uzoefu, kwa sababu chakula kilichoonjwa tayari kina mtu aliyekila. Hakuna nyama wala yai katika sinia hiyo, na katika mahekalu ya wafuasi wa Vishnu hakuna hata kitunguu wala kitunguu saumu.

Mlangoni pa patakatifu huning'inia kengele. Muumini huigonga mara moja, hukunja viganja pamoja na kutazama. Kutazama huko si kama mtalii anavyotazama. Sanamu iliyomo ndani, ambayo wao huiita murti, iliwekwa wakfu kwa ibada maalumu ya kuomba uhai wa mungu ukae humo. Tangu siku hiyo hutunzwa kama mfalme aliye nyumbani kwake: huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvikwa, hulishwa na kulazwa. Ndiyo maana ukienda saa saba mchana unaweza kukuta pazia limefungwa. Muumini anaamini kwamba wakati yeye anatazama, naye anatazamwa. Chumba kile kidogo chenyewe kwa Kisanskriti kina jina linalomaanisha nyumba ya tumbo la uzazi. Mara nyingi hakina dirisha, na taa ndiyo inayokuonyesha kilichomo.

Kuhani hupokea sinia. Katika mahekalu mengi humuuliza mtoaji jina lake na ukoo wake, kisha huyataja mbele ya murti pamoja na sala. Huweka maua, huvunja nazi, huzungusha taa ya siagi au ya kafuri. Matunda hubaki hapo kwa muda. Palipo na chakula kilichopikwa, pazia huvutwa kwa dakika kadhaa, kwani hakuna anayetazama mkubwa akila. Kisha sehemu ya vile vilivyotolewa hurudi kwa mtoaji: nusu ya nazi, ndizi, ua moja au mawili. Wala wasidhaniwe kufikiri kwamba mungu wao ana njaa. Mhindu yeyote aliyefundishwa dini yake atakuambia kwamba kinacholiwa ni upendo wa mtoaji, na atakutajia Bhagavad Gita, ambamo Krishna anaahidi kupokea hata jani, ua, tunda au maji yakitolewa kwa moyo safi. Sisi nasi tunayo Zaburi ya 50, ambamo Mungu anauliza kama yeye hula nyama ya mafahali. Katika hilo hatugombani.

Baada ya kutoa, muumini huzunguka patakatifu. Huenda kwa kufuata mwendo wa saa, mkono wake wa kulia ukiwa upande wa murti siku zote, kwa sababu upande wa kulia ndio wa heshima. Idadi ya mizunguko hutofautiana na mungu na mapokeo. Kwa Shiva kuna desturi ya pekee: maji na maziwa yanayomiminwa juu ya lingamu hutoka nje kwa mfereji mdogo, na mfereji huo hauvukwi. Muumini huenda mpaka hapo, hugeuka, hurudi njia ile ile mpaka upande wa pili wa mfereji, kisha hugeuka tena. Ukimwona mgeni anaupitia kwa juu bila kujua, utawaona pia akina mama wakishtuka.

Mwisho ndipo mkono unaponyoshwa. Anayepokea hutoa mkono wa kulia uliokingwa na wa kushoto chini yake, naye hula papo hapo au hupeleka nyumbani. Hicho ndicho prasadi.

Nimekaa sana kwenye maelezo kwa sababu bila hayo tunakosea hoja. Wapo wanaosema prasadi ni kipande cha nazi tu, adabu ya mwenyeji, kama kahawa na haluwa. Wapo wanaosema prasadi ni “komunyo yao”. Wote wawili wamepotea njia, kila mmoja kwa upande wake.

Neno prasada katika Kisanskriti lina maana ya kutulia na kuwa angavu, kama maji ambayo tope lake limeshuka chini. Kutoka hapo likawa na maana ya uso mtulivu wa mkubwa aliyekuridhia, yaani fadhili zake. Chakula kile huitwa fadhili. Lakini ni fadhili za namna gani? Hapa kuna desturi ya India ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anaweza asiione upesi. Kwa mapokeo yao, kula mabaki ya chakula cha mtu mwingine ni unajisi. Anayeweza kukulisha mabaki yake bila kukuaibisha ni yule aliye juu yako sana: mwalimu kwa mwanafunzi wake, na kwa desturi za zamani mume kwa mkewe. Prasadi kwa maana hiyo ni mabaki ya meza ya mungu. Anayeila anasema kwa tendo lake: huyu ni bwana wangu, nami ni mtu wa nyumbani mwake. Ndiyo maana katika hekalu la Jagannath huko Puri, mashariki ya India, chakula cha hekalu kimesifika kwa kuliwa na watu wa matabaka yote pamoja bila kubaguana. Mbele ya bwana mkubwa hivyo, tofauti zao zinakuwa ndogo. Na hekalu hilo hilo haliruhusu wasio Wahindu kuingia.

Sasa fungua Waraka wa Kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorinto. Watu hupenda kunitajia sura ya 8, kwamba sanamu si kitu na chakula hakitusogezi kwa Mungu wala hakitutengi naye. Ni kweli Paulo anasema hivyo. Lakini wasomaji wengi huacha kitabu hapo. Mbele kidogo katika sura hiyo hiyo anamwonya Mkristo mwenye elimu anayeonekana ameketi mezani ndani ya hekalu la sanamu, maana ndugu yake dhaifu anamtazama. Na katika sura ya 10 anakwenda ndani zaidi: wale wanaokula vilivyotolewa wanashiriki altare, na mtu hawezi kuwa na sehemu katika meza mbili. Angalia kwamba Paulo, Myahudi wa karne ya kwanza, anakielewa chakula cha hekalu kwa namna ile ile anayokielewa bibi wa Kigujarati wa mtaa wa Kisutu leo. Kula ni kukiri uko chini ya nani. Sisi wa kisasa ndio tunaotaka iwe nazi tu.

Kisha Paulo anatoa mifano ambayo ningependa kila mseminari aikariri. Kinachouzwa sokoni, kula, usiulize. Ukialikwa nyumbani kwa asiyeamini, kula unachowekewa, usiulize. Lakini mtu akikuambia kwamba hiki kimetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya dhamiri, na anasisitiza kuwa ni dhamiri ya yule aliyekuambia.

Tuipeleke mitaani kwetu. Duka la vitamutamu katikati ya Dar es Salaam lina picha ya Ganesha juu ya kaunta, imevikwa shada la maua, na udi unafuka. Nunua ladu zako, ule, usimsumbue mwenye duka kwa maswali ya katekisimu. Huko ni sokoni. Jirani anakuletea sahani ya Diwali nyumbani, imefunikwa kitambaa. Pokea kwa mikono miwili, ule na watoto, na Krismasi ikifika urudishe sahani ikiwa na kitu. Huko ni mezani pa jirani. Lakini ndani ya hekalu, mbele ya murti, kutoka mkononi mwa kuhani, hakuna haja ya mtu kukuambia. Mahali penyewe pamekuambia. Kwa maoni yangu Mkatoliki hapo asipokee, na frateri au padre asipokee hata zaidi, kwa kuwa kanzu yake inawatazamisha wengi.

Najua wapo Wakatoliki wema, hata huko India, wanaoipokea kama ishara ya ujirani na hawakusudii ibada yoyote. Siwahukumu. Lakini nawauliza swali moja: mwenyeji wako anaelewa nini ukila? Nia yako iko moyoni mwako, na tendo liko mbele ya macho yake. Kama yeye anaona umepokea fadhili za Shiva, nawe moyoni unasema umekula nazi, basi kati yenu wawili kuna mmoja anayedanganywa, naye ni yule aliyekufungulia mlango.

Kuhusu sinia na mzunguko najibu kwa ufupi, kwa hoja hiyo hiyo. Ua ulilompelekea mwenyeji wako mkononi ni zawadi. Ua uliloweka kwenye sinia na kumkabidhi kuhani akataja jina lako mbele ya murti ni sadaka. Kupita kwenye ujia ili uone michongo ni kutembea. Kuzunguka ukiwa umekunja viganja na kuhesabu mizunguko baada ya kutoa ni sala ya miguu. Padre anapozunguka altare na chetezo, hatuwezi kumwambia mtu kwamba anajinyosha miguu. Mgeni na akae kando, kwa kawaida kuna nafasi ya kutosha karibu na ukuta, avue viatu, anyamaze, asiwaelekezee miguu wala mgongo, asipige picha bila ruhusa. Nazi isimpite bure. Na aulize wakati sherehe imekwisha.

Hili la kutenganisha desturi na ibada si geni katika Kanisa. Roberto de Nobili, Mjesuiti aliyefika Madurai kusini mwa India mwaka 1606, alivaa na kula kama wasomi wa Kibrahmani, akashitakiwa na wenzake kwamba ameingia upagani. Papa Gregori wa XV mwaka 1623 aliamua kwamba waongofu waweze kubaki na uzi wao wa begani, kishungi cha nywele na unga wa msandali, kwa kuwa ni alama za heshima ya kijamii, ila wasivipokee hekaluni wala kutoka kwa wahudumu wa miungu. Ona alivyogawa: kitu ni kile kile, lakini mkono unaokitoa na mahali kinapotolewa vinabadili maana yake. Ubishi haukuisha hapo. Benedikto wa XIV alikaza masharti mwaka 1744, na kiapo walichotakiwa wamisionari kukila juu ya mambo hayo kiliondolewa mwaka 1940. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ukautaja Uhindu kwa jina na kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo inayonifanya nisiichukulie prasadi kuwa kitu chepesi.

Namna ya kukataa ni muhimu kama kukataa kwenyewe. Usingoje mkono unyoshwe. Mwambie mwenyeji tangu siku ya mwaliko. Mwaka mmoja nilipeleka mafrateri kumi na wawili katika hekalu moja la Dar es Salaam, nikampigia simu mzee aliyetualika, mfanyabiashara mstaafu anayezungumza Kiswahili cha pwani kuliko mimi wa bara.

“Mzee wangu, shikamoo. Tutakuja, tutakaa kwa adabu, lakini mbele ya patakatifu hatutapokea prasadi. Si dharau.”

“Marahaba, Padre. Nalijua hilo. Babu yangu alikuwa na karani Mgoa, naye hali hivyo hivyo. Nitamwambia maharaji awapite.”

Maharaji, yaani kuhani, akatupita kwa tabasamu, viganja vimekunjwa, nasi tukakunja vyetu. Basi.

Na kama umeshtukizwa, ikaingia mkononi kabla hujasema neno? Usiitupe. Hapa wageni huumiza watu bila kujua. Prasadi haiwekwi sakafuni, haiachwi kwenye kiti, wala haitupwi kwenye pipa la taka pale getini. Kwa Mhindu hilo ni kama sisi tukute palma zilizobarikiwa zimekanyagwa barabarani. Mpe kwa mkono wa kulia mwenyeji aliye karibu, au mtoto wake. Atafurahi kuila, nawe hujakosa uaminifu wala adabu.

Mahali ambapo bado napaona pagumu ni mlo wa ukumbini. Siku inayofuata Diwali, katika mahekalu ya Swaminarayan, hupangwa Annakut, mlima wa vyakula mbele ya murti, sinia kwa sinia, kisha watu hulishwa. Katika mahekalu mengi hata mlo wa siku ya kawaida huwa umetolewa kwanza. Ukumbi si patakatifu, lakini chakula kimepita hapo. Ninawashauri mafrateri waulize mapema. Wenyeji hawafichi. Kama mlo umetolewa, tunashukuru na kukaa nao bila kula, tukiomba maji. Padre mwenzangu mmoja ananiambia mimi ni mkali mno, kwamba ukumbini ni sawa na nyumbani kwa jirani. Hoja yake ina uzito, na sijaona bado namna ya kuizima.

Kuhusu “komunyo yao” nilisema ni kosa, na kosa hilo lina madhara yake upande wetu. Prasadi hupewa kila anayefika: mtoto, mgeni, asiyeamini, hata aliyeingia kukwepa mvua. Hakuna anayeulizwa chochote. Sasa Mhindu aliyezoea hivyo anakuja kwenye Misa ya ndoa ya mfanyakazi wake. Anaona watu wanapanga mstari, wananyosha mikono, wanapewa kitu cheupe kitakatifu. Naye kwa heshima yote anapanga mstari. Hakuna dharau hata chembe. Anatufanyia kile ambacho nyumbani kwake ni adabu ya juu. Na mhudumu wetu, kwa kutojua au kwa aibu, anampa. Mwingine huifunga Hostia kwenye leso ampelekee mama mgonjwa, kama wanavyopeleka prasadi.

Parokia yenye majirani Wahindu iseme kabla ya Misa, kwa Kiswahili chepesi, kwamba Ekaristi hupokelewa na Wakatoliki waliojiandaa, na wageni wanaopenda waje na mikono imekunjwa kifuani wapate baraka. Mhudumu akimwona mtu anaondoka na Hostia mkononi, amfuate taratibu, bila kelele, amwombe airudishe.

Yule mzee wa Dar es Salaam alikuja kwenye upadrisho wa mmoja wa wale kumi na wawili. Alikaa benchi la tatu, akasikia tangazo, akabaki ameketi. Baada ya Misa alinishika mkono.

“Padre, sisi tunawapa nyinyi wote. Nyinyi mbona hamtupi?”

Nikamweleza kwamba kwetu anayepokea hutamka kwanza Amina, na Amina hiyo ina maana kwamba anaamini ni Mwili wa Kristo na kwamba yeye ni mtu wa meza hii tu. Nisingependa aitamke kwa ajili ya kunifurahisha mimi.

Akafikiri kidogo. “Kumbe ndiyo sababu na wewe hukula kwetu.”

“Ndiyo sababu, mzee.”

“Haya. Pilau je, imeombewa?”

Nikamwambia tumeibariki, lakini pilau ni ya kila mtu. Akauliza kama ipo isiyo na nyama, nasi tukaenda kumtafutia.